Kufua hariri: beseni, mashine au drai klina?

Blauzi ilikuwa ya hariri, rangi ya maziwa, mikono mirefu, haina bitana. Mwenyewe aliivaa kwenye harusi moja Dar es Salaam mwezi wa Machi, ndani ya ukumbi ambao feni zake zilikuwa zikihamisha joto tu kutoka kona hii kwenda ile. Akaitundika kabatini, akaisahau wiki tatu, kisha akaipeleka drai klina. Ikarudi imenyooka na inanukia vizuri, ila kwapani kulikuwa na utando wa njano. Akairudisha. Mara ya pili njano ilikuwa imekoza kuelekea kahawia, na alipoivaa na kuinua mkono, kitambaa kikachanika kando ya mshono. Ndipo akaniletea mimi, fundi cherehani, nitie kiraka.

"Fundi, hii imefuliwa mara mbili na bado," akasema.

"Mama, imefuliwa bila maji," nikamwambia. "Chumvi ya jasho bado imo."

Wengi wanaoniletea hariri wamekwama hapo hapo. Lebo inasema drai klina, shangazi anasema beseni na shampuu, jirani mwenye mashine mpya anasema bonyeza kitufe cha nguo laini uende zako. Wote watatu wana kweli yao, ila kila mmoja anaizungumzia nguo yake.

Kwanza, hakikisha ni hariri

Madukani neno hariri hutumika kwa kitu chochote kinachong'aa na kuteleza, na mara nyingi kitu hicho ni satini ya poliesta. Chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, ushike kwa kibano juu ya sinki, uuwashe. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua, moto hujizima wenyewe, na linalobaki ni jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukisikia harufu ya karatasi inayoungua, hiyo ni rayoni au pamba. Kama ni poliesta, ifue unavyofua nguo zako nyingine laini; yaliyo hapa chini si shida yako.

Harufu ile ya nywele haitokei kwa bahati. Hariri ni protini, kama unywele. Kinachoumiza nywele huiumiza na hariri: magadi, jiki, joto kali, jua la mchana. Jiki haiifanyi hariri nyeupe iwe nyeupe zaidi, huiyeyusha.

Vipimo vya kuchagulia

Ninapopokea nguo ya hariri ninauliza mambo manne kabla ya kuigusa kwa maji.

La kwanza ni uchafu wenyewe. Jasho, sukari ya soda na chumvi huyeyuka majini. Mafuta ya pilau, mafuta ya nazi, vipodozi na moshi wa udi ni mambo ya mafuta. Mtu anayefukiza nguo zake udi karibu na chetezo huwa hajui kwamba utomvu ule hukaa juu ya kitambaa kama mafuta yoyote.

La pili ni rangi. Lowesha pamba nyeupe, ibane kwenye mshono wa ndani kwa dakika moja, kisha itazame. Ikiwa na rangi, hata hafifu, maji si rafiki wa nguo hiyo. Jihadhari hasa na nyekundu, zambarau na nyeusi, na vitambaa vyenye rangi mbili zinazogusana.

La tatu ni ujenzi wa nguo. Koti la hariri lenye bitana ya kitambaa kingine, gauni lenye shanga za gundi, sari yenye nyuzi za zari, krepu na shifoni ambazo nyuzi zake zimesokotwa sana: hizi zikilowa hunywea, tena sehemu moja zaidi ya nyingine. Tafeta nayo hupoteza ule ukakamavu wake unaoifanya ilie unapotembea.

La nne watu hulisahau: maji unayofulia. Maji ya visima vya mwambao, Unguja na sehemu nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, mara nyingi yana chokaa au chumvi. Utayajua kwa sabuni isiyotoa povu na kwa ukoko mweupe kwenye birika. Maji hayo yakikauka juu ya hariri huacha alama. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa ndoo safi ndiyo bora, na ni ya bure.

Kufua kwa mkono

Kwa jasho, hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, na inafaa kueleza kwa nini. Jasho linapotoka mwilini huwa na uchachu kidogo. Likibaki kitambaani, bakteria huligeuza kuwa na hali ya magadi, rangi huanza kubadilika, na chumvi hubaki ikila nyuzi polepole. Dawa za kuzuia jasho zenye chumvi za alumini huongeza makali. Kisha ukipiga pasi juu yake, joto huharakisha yote na kuikaza njano ndani ya nyuzi. Kwa hiyo saa chache za kwanza zina thamani kuliko sabuni yoyote ya bei. Nguo iliyovaliwa Jumamosi usiku ikafuliwa Jumapili asubuhi, jasho huondoka karibu lote. Ikingoja wiki tatu, unabaki kuokoa kilichobaki.

Blauzi ya yule mama niliifua hivi. Lita 5 za maji ya mvua kwenye beseni la plastiki, ya baridi kabisa. Kijiko kimoja cha chai cha shampuu ya watoto, nikakikoroga mpaka kikaenea kabla ya kuitia nguo. Nikaigeuza ndani nje, nikaizamisha yote kwa mara moja, na hapo kwapani nikawa nabonyeza kwa kiganja na kuachia, kama unavyobonyeza sponji. Hakuna kusugua. Hariri ikilowa hupungua nguvu kwa kiasi cha sehemu moja ya sita hivi, na nyuzi zake nyembamba hukatika juu juu ukiisugua. Ikikauka unaona baka jeupe lenye manyoya, na baka hilo halitoki tena.

Baada ya dakika 4 nikaitoa. Nikasuuza mara tatu kwa maji mapya. Maji ya mwisho nikayatia vijiko viwili vya chakula vya siki nyeupe, ili kuondoa mabaki ya magadi na kurudisha mng'ao, nikaiacha dakika moja tu. Sikuikamua. Nikaitandaza juu ya taulo nyeupe, nikaviringisha taulo na blauzi ndani yake kama mkeka, nikakandamiza, nikafungua. Ikakaukia kivulini juu ya hanga pana ya plastiki, mbali na jua.

Njano ilipungua kwa kiasi cha nusu. Iliyobaki haikuwa uchafu tena. Ilikuwa hariri yenyewe iliyokwisha kuungua, na kitambaa cha hapo kilichanika kwa kukivuta kwa vidole viwili. Nilikata sehemu hiyo na kuweka vipande vya pembe nne chini ya makwapa, mtindo wa zamani unaoitwa kikwapa, na blauzi inavaliwa hadi leo. Ningeifua siku ile ya baada ya harusi, nisingehitaji mkasi.

Kwa madoa ya maji pia mkono unasaidia, lakini kwa sharti. Doa la maji ni pete. Tone likianguka kwenye hariri, maji husambaa na kusukuma mbele yake chochote kinachoyeyuka, iwe ni dawa ya kiwandani ya kukazia kitambaa, masalia ya gundi asilia ya mdudu wa hariri, rangi au chokaa. Yanapokauka, mzigo wote unabaki ukingoni. Ndiyo maana kulifuta doa peke yake kwa kitambaa chenye maji huzaa pete kubwa zaidi. Dawa ni kuondoa ukingo: lowesha kipande chote kutoka mshono hadi mshono, au nguo nzima, ikauke kwa usawa. Kama pete imerudi mahali pale pale baada ya hapo na ina weupe mkavu, ni chokaa. Rudia kwa maji yenye siki kidogo. Kama hakuna pete bali baka lisilo na ukingo linalokwaruza ukilipitishia kidole, basi nyuzi zimesuguliwa, na hapo tuache kujidanganya.

Kwa mafuta mkono ni dhaifu. Shampuu itatoa mafuta mepesi ya ngozi kwenye kola. Doa la samli lililoingia halitoki, na ukilisugua unaongeza hasara ya pili.

Hatari kubwa ya njia hii ni sabuni. Sabuni ya mche na sabuni nyingi za unga zina magadi, na nyingine zimetiwa vimeng'enya vya kula protini ili kutoa madoa ya damu na mayai. Vimeng'enya havijui tofauti kati ya yai na gauni lako. Kama huna sabuni ya maji ya nguo laini, shampuu ya watoto inatosha.

Inamfaa mwenye blauzi, mtandio, nguo ya kulalia au gauni jepesi la rangi moja lisilochuja, ambaye yuko nyumbani na ana dakika 20. Haimfai mwenye koti, wala mwenye kuharakisha.

Mashine

Hapa sitakaa sana, kwa sababu jambo lenyewe linaamuliwa na aina ya mashine. Zile za mapipa mawili, ambazo ziko nyumba nyingi huku kwetu, zina panga linalozungusha maji kwa nguvu na pipa la kukamulia lisilo na huruma. Hariri isiingie humo. Mashine ya kufungulia mbele yenye mzunguko wa nguo laini ni habari nyingine, maana nguo huinuliwa na kuachiwa taratibu ndani ya maji machache.

Kwa jasho la jana inafanya kazi vizuri, kwa kuwa ni maji na yanabadilishwa mara kadhaa. Kwa jasho la zamani haina subira ya kubonyeza mahali pamoja. Madoa ya maji inayatoa yale mepesi kwa sababu nguo nzima hulowa, ingawa kama maji ya bomba lako ni ya chokaa, suuzo la mwisho ndilo litakaloacha alama, na huna njia rahisi ya kutia maji ya mvua. Kwa mafuta haipiti mkono.

Ukiitumia, geuza nguo ndani nje, itie kwenye mfuko wa wavu, fua na vitu laini tu bila zipu wala vifungo vya chuma, joto lisizidi nyuzi 30, na mzunguko wa kukamua usizidi 400 kwa dakika. Ikimaliza itoe papo hapo. Mikunjo inayokaukia ndani ya pipa huwa kazi kuinyoosha. Kikaushio cha joto usikiwashe.

Hatari yake ni msuguano usiouona. Nguo hutoka safi, na baada ya safari kumi unagundua mng'ao umepotea kwenye mabega na mishono. Inamfaa mwenye foronya, pijama na mitandio ambayo lebo yake ina alama ya beseni, anayefua kila wiki na hatajutia nguo kuzeeka upesi kidogo.

Drai klina

Nisieleweke kwamba naipinga. Kuna nguo ambazo nikizitia majini naziua, na hizo nazipeleka mwenyewe.

Neno drai lisikupoteze: nguo hulowa vizuri sana, ila si kwa maji. Hulowa kwa kimiminika cha kuyeyushia mafuta, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa hasa perkloroethilini. Nyuzi za hariri hazivimbi ndani yake kama zinavyovimba majini, kwa hiyo krepu hainywei, bitana haipishani na kitambaa cha juu, na rangi nyingi zinazochuja kwa maji hutulia.

Kwa mafuta hakuna anayeifikia. Samli, vipodozi, mafuta ya nazi kwenye kola, moshi wa udi, vyote hulegea. Kwa jasho mambo hugeuka. Chumvi haiyeyuki kwenye kimiminika kile, hivyo hubaki, kisha nguo inakwenda kwenye pasi ya mvuke. Ndicho kilichoipata blauzi ya yule mama mara mbili. Lakini kiwanda kizuri kina meza ya madoa, ambapo fundi hushughulikia kwapa kwa maji kidogo na dawa yake kabla nguo haijaingia mashineni. Hawezi kufanya hivyo kwa jasho asiloliona, na jasho bichi halionekani. Kwa hiyo sema mezani unapokabidhi: kwapani pana jasho, mbele kumemwagikiwa soda. Soda nyeupe ni adui wa kimya, kwani sukari yake haionekani mpaka ipate joto na kugeuka kahawia. Shika uzi wa rangi tofauti, weka mshono mmoja mlegevu mahali palipo na doa. Mafundi wa meza ya madoa wanaielewa ishara hiyo.

Madoa ya maji hayatengenezwi na drai klina, na hayatolewi nayo moja kwa moja pia. Pete ya chokaa itarudi kama ilivyokwenda. Pete nyepesi mara nyingine hutoka kwa mvuke wa mwisho.

Hatari kubwa ni kutojua unamkabidhi nani. Maduka mengine yenye kibao cha drai klina hayana mashine hiyo. Yanafua kwa maji nyuma ya nyumba na kupiga pasi vizuri. Uliza waziwazi kama nguo inafuliwa pale pale au inapelekwa kiwandani, na kama wana mashine ya kimiminika. Anayeifanya kazi hiyo hataudhika kuulizwa. Ukipokea nguo yenye harufu kali ya dawa, iangike penye hewa kabla ya kuiingiza kabatini.

Inamfaa mwenye sari ya zari, koti, gauni la harusi, suti yenye bitana, na nguo yoyote ya rangi inayochuja. Mwenye jasho jingi anayeivaa nguo hiyo mara kwa mara, drai klina pekee haimtoshi.

Kuhusu lebo

Alama ya duara lenye herufi P ndani yake inamruhusu fundi wa drai klina. Beseni lenye mkono linakuruhusu wewe. Beseni lililopigwa msalaba linakataza maji. Mtengenezaji huandika lebo kwa kuangalia sehemu dhaifu kuliko zote za nguo, na huenda sehemu hiyo ni bitana au kifungo, wala si hariri. Kwa nguo ya thamani naifuata. Kwa blauzi ya rangi moja, isiyo na bitana, iliyopita jaribio la pamba nyeupe, mimi huithubutisha majini, nikijua kwamba ikiharibika ni juu yangu.

Basi, ufanyeje na hiyo uliyoishika?

Kama umerudi harusini usiku huu na blauzi nyepesi imelowa kwapani, usiitundike kabatini. Ifue kwa mkono asubuhi. Kama umechoka mno, izamishe tu kwenye maji safi, uibonyeze, uiviringishe kwenye taulo. Sabuni itasubiri kesho, chumvi haisubiri.

Kama nguo ni nzito, ina bitana na ina jasho, ipeleke drai klina ndani ya siku mbili tatu na utaje mahali pa jasho. Safari ijayo shikiza vipande vya pamba kwapani kwa mishono mirefu, uvitoe na kuvifua wewe mwenyewe.

Kama kuna doa la mafuta, weka unga wa wanga au poda nyeupe juu yake, uache usiku kucha, uupukute bila kusugua, kisha drai klina. Doa likiwa la mafuta na jasho pamoja kwenye nguo inayoweza kuoshwa, drai klina itangulie na mkono ufuate, na umwambie fundi asiipige pasi.

Kama mvua imekunyeshea matone mabegani, subiri ikauke kabisa. Kisha ipitishe kwenye mvuke wa bafuni, au lowesha kipande chote cha bega hadi mshono. Usiguse tone moja moja.

Kama maji ya kwako ni ya chumvi na msimu wa mvua haujafika, nunua lita chache za maji ya chupa kwa suuzo la mwisho tu. Mafuo ya mwanzo yanaweza kuwa ya bomba.

Na pasi, kwa njia yoyote uliyoichagua: upande wa ndani, moto mdogo, nguo ikiwa bado na unyevu uliosambaa sawasawa. Ikiwa imeshakauka, usiinyunyizie matone. Iviringishe kwenye taulo lenye unyevu kwa nusu saa, ndipo upige.